Kibarua ametoka kupiga dawa ya pamba: jasho, mate yanamtoka, haoni vizuri. Tumwache alale?

Binti Igunga · Jumanne 15:52
Wakuu naomba msaada wa haraka. Kuna kijana kibarua kwa shemeji yangu huku nje ya mji wa Igunga, ni mwenyeji wa Kasulu, umri kama miaka 23. Tangu asubuhi anapiga dawa kwenye pamba, funza wa vitumba wametuzidi. Mchana alianza kusema macho yana ukungu, akadhani ni jua. Sasa amekaa kivulini lakini jasho linachuruzika, mate yanamtoka hata akitema hayaishi, machozi na kamasi juu yake. Tumbo linamkata na ameshakwenda chooni mara nne. Shemeji kampa maziwa, anasema wapigaji wageni wote huwa hivyo, alale na kesho atakuwa sawa. Mimi moyo haujatulia. Tumwache?

Mzee wa Bani · 15:58
Pole binti. Huku Urambo hali hiyo tunaiona kila msimu kwa wanaovuna tumbaku ikiwa na umande. Kizunguzungu, kutapika, mate, jasho. Ni nikotini inaingia kwa ngozi. Analala, kesho yake anaamka na kuendelea. Usiwe na hofu.

Masumbuko K · 16:01
Njaa hiyo. Hawa vijana wanaingia shamba na chai kavu. Mpe uji wenye sukari nyingi.

Tabibu wa Zamu · 16:04
Binti Igunga, usisubiri kesho. Usisubiri hata saa moja. Mpelekeni hospitali sasa hivi, na wakati usafiri unatafutwa fanyeni haya: mvueni nguo zote alizopigia dawa, mkanda na viatu pia. Mwogesheni kwa sabuni na maji mengi, nywele, nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, chini ya kucha. Anayemwogesha avae glavu, akikosa afunge mifuko ya nailoni mikononi. Msimpe maziwa tena wala kitu chochote mdomoni, na msimtapishe.

Nijibu mawili tu: mboni za macho yake zikoje, na ukiweka sikio mgongoni anapumua vipi?

Binti Igunga · 16:09
Mboni ni ndogo sana, nimeangalia kivulini kabisa bado ni kitone tu. Kifua kinakoroma kama mtu mwenye mafua mazito. Bado amevaa shati lile lile, mgongo wote umelowa, bomba linavuja kwenye mfuniko. Alinawa mikono na uso tu.

Tabibu wa Zamu · 16:11
Shati liondoke sasa. Kila dakika linapokaa mgongoni sumu inaendelea kuingia. Huko kukoroma ndiko kunakonitisha kuliko jasho na mate. Ondokeni.

Kantangaze Hoi · 16:13
Samahani kuingilia, hiyo dawa ni ya jina gani? Nina nyanya huku Kasulu kantangaze wamemaliza majani, kama inaua funza namna hiyo naitaka.

Dada wa Nzega · 16:15
@Kantangaze Hoi kaka, soma uzi kwanza. Mtu anapigania pumzi wewe unaulizia dawa ya nyanya.

Binti Igunga · 16:19
Tumemvua, tunamwogesha. Jirani ana pikapu anakuja, pikipiki ipo tayari lakini naogopa. Ni kama kilomita 25. Misuli ya mapajani inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Dawa ilikuwa kwenye chupa ya soda, shemeji alipimiwa, haina karatasi.

Tabibu wa Zamu · 16:22
Pikapu, kama haichelewi. Kwenye pikipiki akilegea hakuna wa kumgeuza. Mlazeni ubavu, uso uelekee chini kidogo ili mate na matapishi yatoke nje yasirudi ndani. Mtu mmoja akae naye nyuma, hewa ipite, amfute mdomo na amwangalie kifua. Pumzi ikikatika mgeuzeni chali, mnyooshe kichwa nyuma kidogo, mumpulizie hewa, ila futeni mdomo wake kwanza na tumieni kitambaa.

Nguo zile zifungwe kwenye mfuko wa nailoni, zisipande gari pamoja na mgonjwa. Chupa msiibebe ikivuja, pigeni picha yake na muulizeni mwenye duka alipima nini. Mkifika, neno la kwanza mlangoni liwe "amepiga dawa ya wadudu leo". Msianze na tumbo wala macho.

Mzee wa Bani · 16:30
Daktari shikamoo, mimi si mbishi, lakini dalili ni zile zile za tumbaku. Jasho, mate, tumbo. Sasa yetu inaisha yenyewe, hii ya pamba kwa nini iwe ya kukimbizana?

Tabibu wa Zamu · 16:41
Marahaba mzee, swali lako ni la maana na wengi wanapotelea hapo.

Zinafanana kwa sababu zinagusa sehemu zile zile za neva. Neva ikitaka tezi itoe mate au msuli ukaze, inamwaga kemikali yake. Kazi ikiisha, kuna kimeng'enya kinachoiharibu kemikali hiyo papo hapo ili amri ikome. Nikotini inajifanya ni hiyo kemikali, inasumbua, halafu mwili unaivunja na kuitoa, ndiyo maana mvunaji wenu kwa kawaida anapata nafuu ndani ya siku moja au mbili. Dawa nyingi za pamba za jamii ya fosfeti zinafanya jambo baya zaidi: zinakishika kile kimeng'enya chenyewe na kukizima. Ni kama koki iliyokwama ikiwa wazi. Amri haikomi. Jasho, mate, machozi, kamasi, kuhara, mkojo, vyote vinatoka pamoja. Misuli ya jicho inakaza mboni mpaka inabaki kitone, ndiyo huo ukungu anaouona.

Sasa fikiria njia za hewa nazo zina tezi. Maji hayo hayo unayoyaona mdomoni yanamwagika ndani ya mapafu, na wakati huo mirija ya hewa inabana. Mtu anazama akiwa nchi kavu. Kisha misuli ya kupumulia, baada ya kuchezacheza, inachoka na kulegea. Ubongo nao unapunguza amri ya kuvuta pumzi. Njia tatu za kukata pumzi kwa mpigo, na zinaweza kufuatana ndani ya saa chache. Jasho na mate ni ya kuonekana tu. Kinachoua ni pumzi.

Masumbuko K · 16:48
Maziwa je? Sisi tumekua tukijua maziwa yanakata sumu. Babu alikuwa na jagi la maziwa shambani siku zote za kupiga.

Tabibu wa Zamu · 16:55
Hii imeingia kwa ngozi ya mgongo. Maziwa yako tumboni, sumu iko kwenye damu, yatakutana wapi? Na hata kwa aliyemeza, maziwa hayaiui. Tena mtu anayebubujika mate na kuanza kusinzia ukimnywesha, kuna hatari yakaingia mapafuni. Ile ya kumtapisha nayo iacheni: dawa hizi nyingi zimeyeyushwa kwenye mafuta ya petroli, zikipanda na kuingia mapafuni ni janga la pili.

Dada wa Nzega · 17:06
Niseme la kwangu kwa sababu linaniuma mpaka leo. Bamdogo wetu alipiga dawa ya pamba, jioni akawa na jasho, anatapika, kichwa. Tukampeleka kituo kimoja cha karibu, wakapima malaria ikasoma chanya, akapewa dawa ya malaria tukarudishwa nyumbani. Hakuna aliyeuliza alikuwa wapi mchana na sisi hatukusema. Usiku akaanza kutoa povu puani. Hatukumfikisha popote. Kila nikisoma mtu anasema "ni malaria" roho inanitoka.

Masumbuko K · 17:10
Pole sana dada. Kwa hiyo kipimo kilikosea?

Tabibu wa Zamu · 17:19
Pole sana dada. Masumbuko, si lazima kilikosea. Huku kwetu Tabora mtu anaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu na bado kinachomuua siku hiyo kikawa kitu kingine. Mwenye homa ya malaria hatoi mate kama bomba, na mboni zake hazisinyai hivyo. Mboni ndogo, kifua chenye maji na siku ya kupiga dawa: vikikutana hivyo vitatu, kipimo cha malaria hakifuti kitu.

Bibi Shamba Uyui · 17:34
Nimechelewa kuuona uzi. Kuhusu chupa ya soda: kupimiwa namna hiyo ni kinyume cha sheria ya viuatilifu, dawa lazima ibaki kwenye chombo chake chenye lebo. Kwenye lebo kuna kiambato na mkanda wa rangi chini unaoonyesha ukali wake. Kwa pamba huku mara nyingi ni profenofosi, au imechanganywa na saipamethrini. Saipamethrini peke yake inawasha na kuchoma uso, kwa kawaida haifanyi mate ya namna hii. Nadhani ni profenofosi.

Mwana Pembejeo · 17:50
Mimi nauza pembejeo. Mama usiseme kwa uhakika hivyo, hujaiona. Zipo pia za jamii ya kabameti, nazo zinatoa mate na mboni ndogo vile vile. Na zingine zinazozunguka mitaani hatujui hata zimetoka wapi.

Bibi Shamba Uyui · 17:56
Nimesema nadhani, sijasema nimeiona. Ila kabameti nakubali inawezekana.

Tabibu wa Zamu · 18:03
Mko sawa wote wawili, na kwa saa za kwanza haijalishi. Kabameti inakiachia kile kimeng'enya yenyewe, mara nyingi ndani ya siku moja. Fosfeti inang'ang'ania. Lakini mlangoni zote zinatibiwa kwa atropini, oksijeni na kunyonya mate, na hakuna wa kusubiri jina la sumu ndipo aanze.

Binti Igunga · 19:41
Tumefika saa moja kasoro. Njiani alianza kusinzia, midomo ikawa kama ya bluu, tulimshika ubavu hivyo hivyo. Nilisema ile sentensi mlangoni, wakamwingiza moja kwa moja. Wamemwekea oksijeni na sindano za mshipa. Ya kwanza niliona haikubadilisha kitu, wakasubiri dakika chache wakaongeza mara mbili, halafu mara mbili tena. Sasa kifua kimetulia, mate yamekata. Ila mapigo yanakwenda mbio, mdomo umekauka anaomba maji, na bado haoni vizuri. Shemeji anasema wamemzidishia dawa. Nawashukuru sana.

Tabibu wa Zamu · 19:55
Mmefanya vizuri, na hao wenzangu wanajua kazi. Mwambie shemeji ndivyo atropini inavyotolewa hapa: unaanza na miligramu 2 hivi, unasubiri dakika 5, kama kifua bado kina maji unaongeza maradufu, mpaka mapafu yakauke, na mapigo na presha viwe vimepanda. Kipimo cha kutosha ni kifua, si macho. Mgonjwa mzito anaweza kumaliza ampuli makumi kwa usiku mmoja, ndiyo maana zahanati yenye ampuli tano inamwanzishia na kumkimbiza mbele huku inaendelea kumchoma. Mapigo ya haraka na mdomo mkavu ni alama kuwa dawa imefika. Ukungu wa macho sasa unaweza kuwa wa atropini yenyewe, maana inatanua mboni.

Akianza kuweweseka, homa ikapanda na tumbo likaacha kunguruma kabisa, hapo ndipo imezidi, wataipunguza.

Muuguzi Kigoma · 20:20
Mkuu na pralidoksimu? Sisi tulifundishwa atropini na pralidoksimu ni pacha.

Tabibu wa Zamu · 20:37
Tulifundishwa wote hivyo. Utafiti wa India wa mwaka 2006 ulionyesha inasaidia kwa dozi kubwa, wa Sri Lanka wa 2009 haukuona faida. Inategemea sumu gani na imepita muda gani, maana kazi yake ni kuing'oa sumu kwenye kimeng'enya, na baada ya saa kadhaa sumu inajifunga hapo kiasi kwamba haing'oki tena. Profenofosi inajifunga upesi sana. Mimi ikiwepo na mgonjwa kawahi naitumia, isipokuwepo silii. Atropini na pumzi ndizo sikubali kukosa.

Muuguzi Kigoma · 20:44
Mimi bado naiamini. Nimeona mgonjwa akiamka nayo.

Binti Igunga · Alhamisi 07:12
Habari za asubuhi wakuu. Jana alikuwa anakaa, anaongea, ndugu zake wakataka kumtoa warudi naye Kasulu. Nikakumbuka uzi huu nikawaomba wasubiri. Leo alfajiri sauti imekuwa ya puani na anasema shingo nzito. Mate hakuna, jasho hakuna. Ni nini tena?

Tabibu wa Zamu · 07:20
Mwite muuguzi sasa hivi, ndipo uendelee kusoma. Akiwa amelala chali mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto bila kusaidiwa. Akishindwa, waambie hivyo.

Kuna wimbi la pili. Siku ya kwanza mpaka ya nne hivi, mate yakiwa yamekwisha na kila mtu amefurahi, misuli ya shingo, mabega na ya kupumulia inalegea. Hakuna povu wala jasho la kumshtua mtu. Ndiyo maana hatumtoi mgonjwa kwa sababu tu jana alikula ugali.

Binti Igunga · 07:58
Hakuweza kukinyanyua. Wanampeleka hospitali ya mkoa Tabora mjini, kuna mashine ya kupumulia ikihitajika. Muuguzi anakwenda naye.

Dada wa Nzega · 08:05
Tunamwombea. Na wewe binti Mungu akutunze.

Mwana Pembejeo · 13:30
Hili la shingo linanifanya niamini si kabameti. Ingekuwa kabameti angeshapona jana.

Tabibu wa Zamu · 14:10
Inaelekea huko, lakini wimbi hili limewahi kuonekana kwa kabameti pia, ingawa ni nadra. Sitaapa.

Binti Igunga · Jumatano iliyofuata 18:25
Ametoka leo. Mashine haikuhitajika, alikaa kwenye oksijeni na kuangaliwa usiku na mchana, shingo ikarudi polepole. Amedhoofu lakini anatembea. Mwenye duka amekana kupima chochote, kwa hiyo jina la dawa hatujalipata. Shemeji anauliza: mbona yeye mwenyewe amepiga dawa hiyo hiyo miaka yote bila shida, huyu kapatwa na nini?

Bibi Shamba Uyui · 18:40
Bomba linalovuja mgongoni kutwa nzima. Hilo tu linatosha. Toeni mfuniko mtakuta mpira wake umekatika.

Masumbuko K · 18:47
Na alikuwa anapiga akielekea upepo, si mlisema macho yalianza kwanza? Ule mvuke unaingia machoni moja kwa moja.

Mwana Pembejeo · 19:02
Mimi naona ni kipimo. Dawa ya soda mnapima kwa kifuniko, funza hafi, mnaongeza kifuniko. Ulizeni aliweka vingapi kwa bomba la lita 16.

Binti Igunga · 19:15
Vinne, na akachanganya na nyingine nyeupe iliyobaki mwaka jana. Na si siku moja, alikuwa ameshapiga kwa majirani wawili wiki hizo mbili.

Tabibu wa Zamu · 19:33
Hapo kwenye wiki mbili ndipo ningeweka uzito zaidi ya bomba. Kimeng'enya kilichozimwa na fosfeti hakirudi kesho yake. Mwili unakitengeneza upya, kwenye chembe nyekundu za damu ni kama asilimia 1 kwa siku. Anayepiga leo, keshokutwa na wiki ijayo anaweza kuwa anapunguza akiba kidogo kidogo bila dalili, halafu siku ya kawaida tu inamwangusha. Shemeji hupiga shamba lake moja akapumzika, kijana huyu anaishi kwa kupiga mashamba ya watu.

Bibi Shamba Uyui · 19:41
Akiba sawa daktari, lakini bila bomba kuvuja angemaliza msimu. Nimeona wengi.

Tabibu wa Zamu · 19:45
Na mimi nimeona wenye mabomba mazima.

Mzee wa Bani · 20:02
Nimejifunza kuhusu mboni na kifua, vijana wangu nimewaeleza leo. Swali langu bado: huku tumbaku nayo inapigwa dawa. Nitajuaje huyu ni umande wa tumbaku na yule ni dawa?

Tabibu wa Zamu · 20:16
Mzee, kama siku hizo shamba limepigwa dawa usijaribu kujua. Mboni zikisinyaa au kifua kikikoroma mlete. Hata nikotini peke yake ikiwa nyingi inalegeza pumzi.

Binti Igunga · 20:30
La mwisho kutoka kwangu. Zimebaki eka tatu na kijana anasema Jumamosi atarudi kupiga, anataka hela ya nauli ya kwenda kwao.

Tabibu wa Zamu · 20:34
Asiguse dawa msimu huu wote. Hata kuchanganya, hata kufua nguo za mpigaji. Miezi miwili mitatu angalau, na akipata hospitali inayopima kile kimeng'enya apime kabla ya kurudi. Ule mkanda na viatu vya ngozi alivyovaa siku ile vimekunywa sumu, havisafishiki, asivivae tena.

Dada wa Nzega · 20:41
Nauli ya Kasulu tuchange hapa. Binti nitumie ujumbe pembeni.